Umechuja mauzo ya tawi moja, lakini jumla haibadiliki? Tumia SUBTOTAL na AGGREGATE

Wafanyabiashara wengi wanaopokea malipo kwa simu hufanya jambo moja kila mwisho wa wiki. Wanapakua taarifa ya malipo, wanaifungua kwenye Excel, wanaweka jumla chini ama juu, halafu wanaanza kuchuja: leo nataka kuona Gilgil peke yake, kesho Naivasha. Mistari inapungua kwenye skrini, lakini ile jumla inakaa palepale kama jiwe. Mwenye haraka hasomi mara mbili. Anachukua nambari anayoiona na kumpigia simu mtu wake wa kibandani.

Somo la leo linahusu nambari hiyo. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, na tarakimu zake ni chache makusudi ili uweze kuzihesabu kwa mkono na kutuangalia kama tunadanganya. Ni mfano wa kutunga, lakini mzozo uliomo ndani yake ukiwa na kibanda zaidi ya kimoja utautambua mara moja.

Mama Viazi na vibanda vitatu

Mwite Mama Viazi. Anauza viazi aina ya Shangi kutoka Molo na Mau Narok. Kibanda chake kikubwa kiko Nakuru mjini, na ana vingine viwili kwenye barabara ya kwenda Nairobi: kimoja Gilgil, kingine Naivasha. Kila kibanda kina kijana wake na nambari yake ya tili. Gunia ni la kilo 50, kama kanuni za viazi za mwaka 2019 zinavyotaka. Kila jioni anaunganisha malipo ya tili zote tatu kwenye karatasi moja ya Excel.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane maneno. Tukisema mstari, tunamaanisha ule ulalao, wenye nambari pembeni kushoto. Tukisema safu, ni ile isimamayo, yenye herufi juu. Karatasi ya Mama Viazi ina vichwa kwenye mstari wa 3, na malipo yanaanza mstari wa 4 hadi wa 13:

| Mstari | A: Tarehe | B: Tawi | C: Gunia | D: Kiasi | E: Bei kwa gunia |
|---|---|---|---|---|---|
| 4 | 3/6 | Nakuru | 4 | 12,000 | 3,000 |
| 5 | 3/6 | Gilgil | 2 | 6,200 | 3,100 |
| 6 | 3/6 | Naivasha | 3 | 9,900 | 3,300 |
| 7 | 4/6 | Nakuru | 5 | 14,500 | 2,900 |
| 8 | 4/6 | Gilgil | | 4,000 | #DIV/0! |
| 9 | 4/6 | Naivasha | 2 | 6,600 | 3,300 |
| 10 | 5/6 | Nakuru | 3 | 9,000 | 3,000 |
| 11 | 5/6 | Gilgil | 3 | 9,600 | 3,200 |
| 12 | 5/6 | Naivasha | 4 | 12,800 | 3,200 |
| 13 | 5/6 | Gilgil | 1 | 3,000 | 3,000 |

Mistari miwili inahitaji maelezo. Mstari wa 8 ni mteja wa Gilgil aliyelipa deni la wiki iliyopita. Pesa iliingia lakini hakuna gunia lililotoka siku hiyo, ndiyo maana seli ya gunia iko wazi na Excel inalalamika `#DIV/0!` ikijaribu kugawanya. Mstari wa 13 ni mteja aliyelipa kwa tili ya Gilgil kimakosa, na Mama Viazi akamrudishia pesa yake usiku uleule. Shika mistari hiyo miwili kichwani, kwa sababu ndiyo italeta maneno.

Kwa nini SUM haisikii kichujio

Mwanzoni Mama Viazi alikuwa ameandika hivi kwenye seli ya D1:

```
=SUM(D4:D13)
```

Jibu ni 87,600. Sawa kabisa. Kisha anabonyeza kichwa chochote cha mstari wa 3, anaenda Data halafu Filter, ama kwa haraka anabonyeza Ctrl+Shift+L. Kwenye mshale wa safu ya Tawi anaacha Gilgil peke yake. Mistari minne inabaki kwenye skrini. D1 bado inasema 87,600.

Excel haijakosea hapa. SUM iliambiwa ijumlishe kuanzia D4 hadi D13, na seli zile bado zipo. Kuchuja hakufuti kitu, kunafunika tu macho yako. SUM haijui na haijali kama mstari unaonekana ama umefunikwa.

Fomula inayojali ni SUBTOTAL. Unaipa vitu viwili: namba ya kazi unayotaka ifanye, halafu eneo la seli. Namba 9 maana yake jumlisha:

```
=SUBTOTAL(9,D4:D13)
```

Ukiwa umechuja Gilgil, D1 sasa inasema 22,800. Hesabu kwa mkono: 6,200, ongeza 4,000, ongeza 9,600, ongeza 3,000. Inakubali. Badilisha kichujio kiwe Naivasha, inasema 29,300. Nakuru, 35,500. Ondoa kichujio, inarudi 87,600. Hukugusa fomula hata mara moja.

Umeona tumeweka jumla juu, kwenye mstari wa 1, na si chini ya mauzo. Kuna sababu. Jumla ikikaa chini, imegusana na malipo, siku moja utapanga karatasi upya kwa tarehe ama kwa tawi na mstari wa jumla utachanganyika na malipo ya wateja. Halafu kila malipo mapya yatakulazimu kuisukuma chini. Ikikaa juu, na mstari mmoja mtupu kati yake na vichwa, inakuachia nafasi. Unaweza hata kuandika eneo refu kama `D4:D1000` ili malipo ya kesho yaingie yenyewe. Seli tupu hazibadilishi jumla.

Elfu tatu za nani?

Sasa tufike kwenye mzozo wenyewe. Jumatano usiku Mama Viazi anakumbuka kwamba yale malipo ya mstari wa 13 alishayarudisha. Hataki yaonekane. Kichujio hakijawashwa wakati huo. Anabonyeza nambari 13 pembeni kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Hide. Mstari unapotea. Anapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kikundi chao cha WhatsApp.

Kijana wa Gilgil ni mtu wa kuhesabu. Analipwa asilimia ya mauzo yake, kwa hiyo lazima ahesabu. Anajumlisha mistari tisa inayoonekana kwenye picha na kupata 84,600. Juu ya picha kumeandikwa 87,600.

“Mama, hii jumla yako imezidi elfu tatu. Hizi elfu tatu ni za nani?”

Wa Naivasha naye anaingia: “Hata mimi nimehesabu mara mbili. Kuna malipo hayako kwenye orodha.”

Ona vile mambo yamegeuka. Hakuna aliyeiba. Lakini karatasi inasema kuna pesa iliyohesabiwa bila kuonyeshwa, na mtu anayelipwa kwa asilimia ana haki ya kuuliza kama mauzo yake yamefichwa. Siku nyingine ingekuwa kinyume, mwenye kibanda akimuuliza kijana zile elfu tatu ameziweka wapi. Watu wameachana kikazi kwa pesa kidogo kuliko hiyo.

Chanzo ni namba 9. Kwa SUBTOTAL, kuna aina mbili za mistari isiyoonekana. Kuna iliyoondolewa na kichujio, na kuna iliyofichwa kwa mkono, yaani kwa Hide. Namba 9 inaruka iliyochujwa, lakini iliyofichwa kwa mkono inaendelea kuihesabu. Ukitaka iruke zote mbili, ongeza mia moja juu ya namba ya kazi:

```
=SUBTOTAL(109,D4:D13)
```

Mstari wa 13 ukiwa umefichwa, sasa D1 inasema 84,600, sawasawa na hesabu ya kijana wa Gilgil. Kanuni hii ya mia moja inafanya kazi kwa namba zote za SUBTOTAL. Wastani ni 1, na 101 ukitaka iruke waliofichwa. Kuhesabu seli zenye tarakimu ni 2 na 102. Kuhesabu seli zozote zisizo tupu ni 3 na 103. Kubwa kuliko zote ni 4 na 104, ndogo kuliko zote ni 5 na 105. Kwa kazi nyingi za biashara, hizo zinatosha.

Jambo moja la kukumbuka: hii ni habari ya mistari, si safu. Ukificha safu kwa Hide na fomula yako inajumlisha kwenda kulia, SUBTOTAL itaendelea kuihesabu hata ukiandika 109.

Kuficha si kurekebisha

Tungeweza kusema 109 imemaliza kesi, lakini haijamaliza. Angalia kitakachotokea wiki ijayo. Mtu anafungua karatasi, anaona nambari za pembeni zinaruka kutoka 12 hadi 14, anafikiri ni makosa na anabonyeza Unhide. Jumla inapanda tena hadi 87,600, na hakuna mahali palipoandikwa kwa nini mstari ule ulifichwa.

Mstari uliofichwa kwa mkono ni uamuzi usio na maelezo. Dawa yake ni kuuandika uamuzi wenyewe ndani ya karatasi. Ongeza safu ya F, iite Hali. Kila malipo ya kawaida yaandikie Sawa, na mstari wa 13 uandikie Imerudishwa. Kisha chuja safu ya Hali uache Sawa peke yake. Jumla inasema 84,600, na sababu iko wazi kwa yeyote atakayefungua. Tofauti hata inaonekana kwa macho: Excel inapochuja, nambari za mistari pembeni hugeuka rangi ya bluu na mshale wa kichwa hupata alama ya kichujio. Ukificha kwa mkono, dalili ni nambari iliyoruka tu.

Kwa hiyo tumia kichujio kwa jambo lolote linalobadilisha pesa ya mtu. Acha Hide kwa kusafisha muonekano tu. Na andika 109 badala ya 9, ili hata mtu akificha mstari kwa bahati mbaya, jumla na mistari inayoonekana zisipingane.

Ukituma picha, weka pia idadi ya mistari karibu na jumla. Kwenye B1 andika:

```
=SUBTOTAL(103,B4:B13)
```

Kichujio cha Sawa kikiwa kimewashwa, itasema 9. Anayepokea picha anahesabu mistari tisa, anaona 9, anajua hakuna kilichokatwa chini ya skrini. Kwenye A1 andika maneno “Jumla ya mistari inayoonekana” ili asifikiri ni ya karatasi nzima.

Bei ya wastani inapokataa: #DIV/0!

Sasa Mama Viazi anataka kujua jambo lingine. Gilgil wanauza gunia kwa bei gani kwa wastani? Anachuja Tawi iwe Gilgil na Hali iwe Sawa. Inabaki mistari mitatu, wa 5, wa 8 na wa 11, na D1 inasema 19,800. Kwenye E1 anaandika:

```
=SUBTOTAL(101,E4:E13)
```

Jibu: `#DIV/0!`. Seli moja tu, E8, imeambukiza jibu lote. SUBTOTAL inajua kuruka mistari isiyoonekana, lakini kosa likiwa kwenye mstari unaoonekana haina la kufanya.

Hapo ndipo AGGREGATE inaingia. Imo ndani ya Excel tangu toleo la 2010. Inafanana na SUBTOTAL, ila unaipa namba mbili kabla ya eneo. Ya kwanza ni kazi: 1 ni wastani, 9 ni jumla, kama vile ulivyozoea, bila ile mia moja. Ya pili inasema iruke nini:

```
=AGGREGATE(1,7,E4:E13)
```

Namba 7 maana yake ruka mistari isiyoonekana na ruka makosa pia. Ukitaka kuruka mistari isiyoonekana peke yake, ni 5. Kama karatasi yako ina jumla ndogondogo zilizoandikwa katikati ya malipo kwa SUBTOTAL ama AGGREGATE, tumia 3 badala ya 7. Inafanya kazi ileile, na juu ya hapo inaziruka zile jumla ndogo ili pesa isihesabiwe mara mbili.

Kwa Gilgil, E1 sasa inasema 3,150. Ni wastani wa 3,100 na 3,200. Ukiondoa kichujio cha Tawi na kuacha cha Sawa peke yake, inasema 3,125, wastani wa bei nane.

Ukiwa unatumia Google Sheets, SUBTOTAL utaipata na namba zake ni hizihizi, lakini AGGREGATE haimo. Usijali, dawa yake iko hapo chini, na kusema kweli mara nyingi ni bora kuliko AGGREGATE yenyewe.

Kabla ya kuruka kosa, jua ni kosa gani

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huipita haraka, na ndiyo inayoumiza. AGGREGATE haikuulizi kosa limetoka wapi. Inaruka na kukupa jibu safi, lenye sura ya ukweli.

Fikiria kijana wa Naivasha ameandika kiasi cha mstari wa 6 kama `9,900/=`, vile tunavyoandika kwenye risiti za karatasi. Kwa macho yetu ni pesa. Kwa Excel ni maneno, kama vile ungeandika “viazi”. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, jumla ya D inashuka kwa 9,900 bila kusema lolote, kwa sababu SUM, SUBTOTAL na AGGREGATE zote huruka maneno kimyakimya. Kwa Naivasha ungeona 19,400 badala ya 29,300. Pili, E6 inageuka `#VALUE!`, kwa sababu huwezi kugawanya maneno. Hiyo `#VALUE!` ilikuwa kengele yako. Ukiwa umeweka namba 7, AGGREGATE imeinyamazisha, na sasa kijana wa Naivasha anaonekana amepungukiwa na karibu elfu kumi.

Kwa hiyo weka vipimo viwili juu ya karatasi. Cha kwanza kinauliza: kuna malipo yaliyoandikwa kama maneno?

```
=SUBTOTAL(103,D4:D13)-SUBTOTAL(102,D4:D13)
```

103 inahesabu seli zote zisizo tupu, 102 inahesabu zenye tarakimu halisi peke yake. Jibu linatakiwa kuwa 0. Ikisema 1, kuna seli moja inayoonekana ambayo si tarakimu. Itafute: maneno hukaa upande wa kushoto wa seli na tarakimu upande wa kulia, kama hujabadilisha mpangilio. Futa ile `/=` uandike 9900 tu.

Cha pili kinauliza: ni malipo mangapi yenye pesa lakini hayana bei?

```
=SUBTOTAL(102,D4:D13)-SUBTOTAL(102,E4:E13)
```

Kwa Gilgil yenye hali ya Sawa, malipo ni matatu na bei ni mbili, kwa hiyo jibu ni 1. Hiyo moja unaijua, ni deni la mstari wa 8. Ikisema 2 na wewe unakumbuka deni moja, usitume picha bado. Kuna mtu amesahau kuandika idadi ya gunia.

Na hii ndiyo dawa tuliyoahidi. Badala ya kuruka makosa yote kwa pamoja, zima lile moja unalolielewa kutoka kwenye chanzo chake. Kwenye E4 andika hivi, halafu uburute hadi E13:

```
=IF(C4="","",D4/C4)
```

Inasema: kama idadi ya gunia ni tupu, acha bei iwe tupu, la sivyo gawanya. Mstari wa 8 unanyamaza kwa sababu unajua ni deni. Lakini `9,900/=` ya Naivasha bado itapiga kelele `#VALUE!`, kama inavyostahili. Ukishafanya hivi, `SUBTOTAL(101,E4:E13)` inatoa 3,150 kwa Gilgil bila msaada wa AGGREGATE, na itafanya kazi hata kwenye Google Sheets.

Basi AGGREGATE ni ya nini? Itumie pale ambapo karatasi si yako na huwezi kubadilisha fomula zake, ama makosa ni mengi na tayari umeyakagua moja baada ya jingine. Kosa ambalo hujalikagua, liache lionekane.

Wastani gani unautaka?

Tumalizie na swali ambalo hakuna fomula itakujibia. Mama Viazi anaona Gilgil ni 3,150. Hiyo ni wastani wa bei mbili, kila bei ikihesabiwa mara moja, iwe iliuza gunia moja ama kumi. Lakini Gilgil waliuza gunia mbili kwa 3,100 na tatu kwa 3,200. Pesa ya gunia hizo tano ni 15,800, na ukiigawanya kwa tano unapata 3,160. Kwa shilingi kumi hakuna atakayegombana. Kwa lori zima la gunia, shilingi kumi kila gunia ni pesa.

Mtego mkubwa uko kando yake. Ukigawanya jumla inayoonekana, 19,800, kwa gunia tano zinazoonekana, unapata 3,960. Ni bei ambayo hakuna mteja wa Gilgil aliyelipa! Deni la 4,000 limeingia kwenye pesa lakini halina gunia lake. Ukitaka bei ya kweli, chuja safu ya Gunia kwanza uondoe zilizo tupu, ndipo ugawanye:

```
=SUBTOTAL(109,D4:D13)/SUBTOTAL(109,C4:C13)
```

Sasa inasema 3,160. Rudisha kichujio cha Gunia ukimaliza, la sivyo jumla ya mauzo itakosa lile deni, na kijana wa Gilgil atakuuliza elfu nne zimeenda wapi.

Jaribu mwenyewe

Nakili jedwali letu kwenye karatasi mpya, ongeza safu ya Hali na weka fomula tulizozipitia. Chuja Naivasha yenye hali ya Sawa. Jumla inatakiwa kuwa 29,300, mistari mitatu, bei ya wastani 3,267 ukikaribisha, na vipimo vyote viwili 0. Kisha badilisha D6 iwe `9,900/=` uone ni nambari ipi inashuka, ipi inapiga kelele, na kipimo kipi kinageuka 1. Ukishaona kwa macho yako, fungua taarifa yako ya wiki hii na uangalie D1 yako inasema SUM, 9, ama 109.